Taarifa ya AMCOS kutoka ODT kwenda Word: jinsi ya kukamata mstari wa kwanza uliohama

Mikutano mikuu ya AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima wa tumbaku, ikikaribia, steshenari za Tabora mjini huandika taarifa zinazofanana: ganda lenye nembo ya chama, yaliyomo, maelezo ya mwenyekiti, jedwali la wakulima na kilo walizouza, mapato na matumizi, kisha nafasi ya saini. Kompyuta ya anayeandika inaweza kuwa na programu ya LibreOffice, kwa sababu haidai leseni ya kulipia. Anayepokea, mara nyingi mkaguzi au ofisi fulani, ana Word. Hapo katikati ndipo mambo huhama.

Mwongozo huu unafuata taarifa moja tu. Kwenye LibreOffice Writer ilikuwa na kurasa 11. Ilipofunguliwa kwenye Word ikawa na kurasa 12, na saini tatu zikaangukia ukurasa wa 12 peke yake. Katibu akapiga simu kutoka Urambo: "Dada, mkaguzi anasema karatasi ya saini haina neno lingine lolote. Hawezi kuipokea."

Mkaguzi ana haki. Karatasi yenye saini tupu inaweza kuchomolewa na kubandikwa nyuma ya taarifa yoyote. Jibu la kwanza kwa katibu lilikuwa: "Msiiguse kwanza, mzee. Mwombe aitoe PDF kutoka kwenye Word yake, anitumie." Sababu ya ombi hilo itaonekana mbele kidogo.

Kwa nini mistari inahama

ODT ni umbo la faili la kiwango huria, lililopitishwa na ISO mwaka 2006 kwa namba 26300. DOCX ni la Microsoft, nalo likapitishwa mwaka 2008 kwa namba 29500. Yote mawili huhifadhi maneno, mitindo ya aya, majedwali na picha. Kisichohifadhiwa ni mahali kila mstari unapoishia. Hakuna sehemu ndani ya faili inayosema "mstari huu ukatike baada ya neno *wakulima*". Programu hupiga hesabu hiyo upya kila inapofungua faili, ikitumia upana wa kila herufi ya fonti iliyopo kwenye kompyuta ile, upana wa karatasi, pambizo na nafasi kati ya mistari.

Kwa hiyo neno moja likikosa nafasi ya milimita mbili, linashuka mstari wa pili. Aya inaongezeka mstari, ukurasa unasukuma mstari wake wa mwisho kwenda unaofuata, na huo nao unasukuma wake. Mistari ni kama watu kwenye foleni ya mzani wa tumbaku: wa mbele akisogea hatua moja, hata wa nyuma kabisa atasogea, ingawa yeye hakufanya kitu.

Ndiyo maana kuhangaika na ukurasa wa 12 ni kupoteza muda. Tatizo halijaanzia huko. Usipunguze nafasi za mistari hapo mwisho ili saini zirudi juu. Zitarudi kwenye kompyuta yako na kushuka tena kwenye ya mkaguzi. Tafuta mahali pa kwanza ambapo hati mbili zinatofautiana.

Hatua ya kwanza: tengeneza PDF ya shahidi

Kabla ya kubadilisha chochote, fungua ODT na utoe PDF yake kupitia File > Export As > Export as PDF. Ipe jina shahidi.pdf. PDF haipigi hesabu upya. Imeshagandisha kila mstari mahali pake, kwa hiyo ndiyo ushahidi wako wa jinsi hati ilivyokuwa.

Kuna mtego mmoja hapa. Kama umeanza kuhesabu kurasa upya kwa 1 baada ya ganda, LibreOffice inaweza kuingiza ukurasa mtupu wenyewe, kwa kuwa inaamini ukurasa wa namba witiri lazima ukae upande wa kulia kama kwenye kitabu. Ganda ni 1, unaofuata nao ni 1, basi inatia ukurasa mtupu katikati. Kwenye dirisha la PDF kuna kisanduku kinachoitwa Export automatically inserted blank pages. Kiondolee tiki, la sivyo utahesabu ukurasa wa ziada ambao haukutokana na kuhama kwa kitu chochote. Dirisha la kuprinti nalo lina chaguo kama hilo.

Hatua ya pili: hifadhi nakala ya DOCX, ODT ibaki mama

Nenda File > Save As, chagua Word 2010-365 Document (.docx). Matoleo ya zamani kidogo huandika Word 2007-365. Ukiulizwa kama unataka umbo la ODF au la Word, chagua la Word. Kisha ifunge hiyo DOCX na urudi kwenye ODT. Marekebisho yote yafanyike kwenye ODT, halafu utoe DOCX mpya. Anayerekebisha pande zote mbili hatajua ipi ndiyo sahihi.

Wengine huuliza kwa nini wasitume ODT yenyewe, maana Word nayo huifungua, tangu Office 2007 ilipopata nyongeza ya SP2 mwaka 2009. Ni kweli inaifungua. Lakini katika hali hiyo ubadilishaji unafanyika kwenye kompyuta ya mkaguzi, usiyoiona na usiyoweza kuirekebisha. Ni afadhali ubadilishaji ufanyike kwako.

Hatua ya tatu: pata PDF iliyotoka kwenye Word yenyewe

Hapa ndipo wengi wanajidanganya. Wanahifadhi DOCX, wanaifungua tena kwenye LibreOffice, wanaona kila kitu kiko sawa, wanatuma. Umejipima kwa mzani wako mwenyewe, kwa maana anayepiga hesabu ya mistari ni LibreOffice ile ile yenye fonti zile zile. Kipimo hicho kinaonyesha tu kama kuna kitu kilipotea wakati wa kuhifadhi.

Unahitaji Word. Kama steshenari haina, kuna Word ya kwenye kivinjari, inayotumika bure ukiwa na akaunti ya Microsoft. Njia bora zaidi ni ile ya katibu: mpokeaji afungue DOCX, aende File > Save As, achague PDF, na aitume WhatsApp kama dokumenti, si picha ya skrini. Picha ya skrini haikuonyeshi fonti wala mistari yote. Wala usikubali hukumu ya mtu aliyeifungua kwenye simu. Programu za simu hupanga kurasa kwa namna yao na fonti zao.

PDF hiyo iite word.pdf.

Hatua ya nne: tafuta tofauti ya kwanza

Ziweke PDF mbili kando kwa kando. Usisome maneno. Angalia neno la mwisho la ukurasa wa 1 katika kila moja, kisha la ukurasa wa 2, la 3, ukiendelea hivyo. Ukurasa wa kwanza ambao neno la mwisho linatofautiana ndio wenye chanzo. Rudi juu ya ukurasa huo na ushuke mstari kwa mstari hadi uone mstari uliokatika tofauti.

Kama umeshaprinti, njia ya karatasi ni nzuri kuliko macho matupu: pachika ukurasa wa 5 wa shahidi juu ya ukurasa wa 5 wa Word, zilinganishe pembe, uzinyanyue dirishani kwenye mwanga. Mistari inayolingana inakuwa mstari mmoja mweusi. Pale inapoanza kuonekana miwili miwili ndipo penyewe.

Mwenye Linux anaweza kuiachia mashine kazi hiyo, akishaweka kifurushi cha poppler-utils:

```
pdftotext -layout shahidi.pdf shahidi.txt
pdftotext -layout word.pdf word.txt
diff -bB shahidi.txt word.txt | head -20
```

Mistari ya juu kabisa ya matokeo ndiyo unayoitaka. Iliyobaki ni ya foleni. Kwenye majedwali jibu linaweza kuwa na kelele kidogo, kwa sababu nafasi kati ya safu hazitoki sawasawa, kwa hiyo hakikisha kwa macho.

Kwenye taarifa yetu, kurasa 1 hadi 4 zilikatika sawasawa. Ukurasa wa 5 ulikuwa na jedwali la wakulima, na mstari wa kwanza uliohama ulikuwa wa mkulima wa tatu: kwa shahidi jina lake lilikaa mstari mmoja, kwa Word lilikatika likawa mistari miwili. Wakulima tisa walikuwa hivyo. Mstari mmoja wa jedwali lile una urefu wa takriban nusu sentimita, kwa hiyo jedwali lilirefuka kwa zaidi ya sentimita 4. Ukurasa wa 11 ulikuwa umebakiwa na sentimita 3 tu chini. Saini hazikuwa na pa kukaa.

Hatua ya tano: uliza PDF ni fonti gani iliyotumika

Fungua kila PDF kwenye Acrobat Reader, bonyeza Ctrl+D, kisha kichupo cha Fonts. Kwenye Linux ni amri moja:

```
pdffonts word.pdf
```

Shahidi aliorodhesha Liberation Serif na Liberation Sans Narrow. PDF ya Word haikuwa na Liberation Sans Narrow hata kidogo. Palikuwa na Arial ya kawaida. Kesi imekwisha. Jedwali lilikuwa na safu nane, na mwandishi alichagua herufi nyembamba ili zienee. Fonti hiyo huja na LibreOffice. Kompyuta ya mkaguzi haikuwa nayo, Word ikatafuta mbadala, na mbadala ukawa mpana zaidi.

Kuna fonti ambazo hazikupi tabu hiyo kwa sababu zilichongwa makusudi ziwe na upana sawa, herufi kwa herufi. Liberation Serif ina upana wa Times New Roman, Liberation Sans wa Arial, Carlito wa Calibri, Caladea wa Cambria. Kwa hiyo kwenye mitindo ya ODT andika jina ambalo Word inalo: Times New Roman, si Liberation Serif. Kama kompyuta yako haina Times New Roman, LibreOffice itaonyesha Liberation Serif badala yake, na mistari itakatika palepale. Ukiona pdffonts inataja LiberationSerif upande wako na TimesNewRoman upande wa pili, usishtuke. Hiyo ni tofauti ya jina, si ya upana.

Chunga hati zinazokuja kutoka Word za karibuni. Tangu 2023 Microsoft ilianza kuweka Aptos mahali pa Calibri kama fonti ya kuanzia, na LibreOffice haiji na pacha wa Aptos. Hati kama hiyo itahama tu ukiifungua. Mwombe mwenyewe aandike kwa Calibri au Times New Roman tangu mwanzo.

Unaweza pia kupachika fonti ndani ya faili kupitia File > Properties > Font > Embed fonts in document. Mimi siitegemei: faili inakuwa nzito kwa mtu anayenunua bando, na si kila programu inayoifungua inaziheshimu fonti hizo.

Hatua ya sita: rekebisha jedwali, si mwisho wa hati

A4 ina upana wa sentimita 21. Ukitoa pambizo za sentimita 2.5 kila upande, zinabaki 16. Jedwali la taarifa yetu lilikuwa limempa "Na." sentimita 2, ilhali namba yenyewe haizidi tarakimu mbili. Majina yakabanwa, ndipo fonti nyembamba ikatafutwa.

Tuliweka Arial ya pointi 9, na upana ukagawanywa upya: Na. sentimita 1, jina 4.2, kijiji 2.6, hekta 1.3, marobota 1.5, kilo 1.6, bei 1.5, malipo 2.3. Jumla ni 16 kamili. Kwenye Writer upana huu unawekwa kwa Table > Properties, kichupo cha Columns. Jina refu kuliko yote kwenye orodha liache nafasi kidogo kulia kwake, hata milimita 3. Jina lililojaa hadi ukutani leo ndilo litakalokatika kesho.

Word nayo ina tabia ya kutanua safu kulingana na kilichomo. Mpokeaji akiona jedwali linapanuka anapoandika, abofye ndani yake, aende Table Properties > Options, aondoe tiki kwenye Automatically resize to fit contents.

Kisha linda saini. Chagua aya ya mwisho ya maneno iliyo juu yake, nenda Format > Paragraph, kichupo cha Text Flow, weka tiki Keep with next paragraph. Word inakielewa kitu hiki, kwake kinaitwa Keep with next. Sasa hata kama hati itahama tena huko mbele, saini zitashuka zikiwa zimebeba aya yao, na karatasi haitakuwa tupu.

Yanayohama bila kumsukuma mtu

Baadhi ya makosa hayaonekani kwa kulinganisha neno la mwisho la ukurasa, kwa sababu hayasukumi mistari. Taarifa yetu ilikuwa nayo matatu.

Nembo kwenye ganda ilikuwa imesogea kushoto na kupanda juu. Ilikuwa imetiwa nanga kwa ukurasa, yaani Anchor > To Page. Word haina nanga ya aina hiyo. Kwake picha hufungwa kwenye aya au hukaa ndani ya mstari, kwa hiyo wakati wa kubadilisha ilibidi nembo itafutiwe aya ya kushikilia. Bofya nembo kwa kitufe cha kulia, chagua Anchor > As Character, kisha uipange aya yake katikati. Nembo sasa ni kama herufi moja kubwa, na haina pa kwenda.

Yaliyomo yalisema mapato na matumizi yapo ukurasa wa 7, ilhali kwenye Word yalikuwa wa 8. Namba hizo ni maandishi yaliyohifadhiwa mara ya mwisho yaliposasishwa. Hazijibadilishi kwa sababu hati imefunguliwa kwingine. Kwenye Word bofya ndani ya yaliyomo, bonyeza F9, chagua kusasisha namba za kurasa. Kwenye Writer ni kitufe cha kulia na Update Index. Ila hili lifanyike mwisho kabisa, baada ya jedwali kutulia. Na kama yaliyomo yaliandikwa kwa mkono na nukta zikajazwa kwa kidole, hakuna F9 itakayoyaokoa. Vichwa vipewe mitindo ya Heading 1 na Heading 2 kwanza.

La tatu ni mistari ya saini. Iliandikwa kwa nukta nyingi na nafasi nyingi ili mwenyekiti awe kushoto na katibu kulia. Nukta na nafasi zina upana wake katika kila fonti, kwa hiyo upande wa pili jina la katibu likaishia katikati ya mstari wa mhasibu. Bonyeza Ctrl+F10 kwenye Writer, au Ctrl+Shift+8 kwenye Word, uone alama zilizofichwa: kila kitone kidogo katikati ya mstari ni nafasi iliyobonyezwa. Ukiona vitone thelathini mfululizo, umeona ugonjwa. Weka jedwali la safu tatu, liondolee mipaka yote, kisha kila seli ipe mpaka wa juu tu, na jina na cheo chini yake. Mpaka huo ndio mstari wa kusainia.

Hati ikirudi kutoka Word

Mkaguzi akirekebisha sentensi mbili kwenye DOCX na kuirudisha, kishawishi ni kuifanya hiyo ndiyo mama na kuihifadhi kama ODT. Ukifanya hivyo kila raundi, hati inakusanya mapambo ya mkono juu ya mitindo, na baadaye ukibadilisha mtindo wa Heading 1 utakuta nusu ya vichwa havisikii.

Badala yake, fungua DOCX iliyorudi kwenye Writer, nenda Edit > Track Changes > Compare Document, uchague ODT yako ya zamani. Daima unaanza kufungua ile mpya. Writer itaonyesha kilichoongezwa na kilichofutwa kwa rangi. Mabadiliko yakiwa machache, yaandike mwenyewe kwenye ODT mama, toa PDF ya shahidi mpya, kisha DOCX mpya. Ukikuta aya nzima imetiwa rangi ilhali maneno ni yale yale, tafuta nafasi mbili mahali pa moja, au alama za kunukuu ambazo Word imezipinda.

Taarifa ya Urambo ilirudi kwa mkaguzi ikiwa na kurasa 11 pande zote mbili. Ilitumwa DOCX pamoja na shahidi.pdf katika ujumbe mmoja, na maelezo mafupi: ya kurekebisha ni DOCX, ya kuprinti na kusaini ni PDF.